Nipande Marangu au Machame? Mpe msomaji jibu, usimpe safu mbili

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeandikia tovuti ya kampuni ya kupandisha wageni hapa Moshi alinitumia ujumbe: "Shikamoo dada, bosi kaipitisha! Hajafuta hata mstari." Nilifurahi kuliko yeye, na sitaficha kwamba kichwa kilivimba kidogo. Makala yenyewe inajibu swali ambalo mji huu umelizoea: nipande Kilimanjaro kwa njia ya Marangu au ya Machame?

Rasimu aliyoniletea mwanzoni ilikuwa na safu mbili, faida na hasara, na kila njia ilipewa idadi ileile ili isionekane inaonewa. Marangu ina vibanda, Machame ina mandhari. Marangu ina mteremko wa taratibu, Machame inazoesha mwili. Mwisho kabisa: "Kila njia ina uzuri wake. Uamuzi ni wako."

Sentensi hiyo ina historia na mimi. Zamani niliwahi kuajiriwa kwenye ofisi ya utalii, nikaandika jibu la moja kwa moja, na mwenye ofisi akalifuta mbele yangu. "Ukiwaambia Machame, mteja wa Marangu ataenda kwa jirani," alisema. Ikawekwa ile ya kila njia ina uzuri wake, na bado linaniuma. Kilichofuata ni simu. Watu walisoma makala yote, kisha wakapiga kuuliza: sasa nipande njia ipi? Hapo ndipo utakapojua kama umeshauri au umejaza ukurasa. Ukishauri vizuri, msomaji harudi na swali la kwanza, anakuja na la pili: begi la kulalia nitakodi wapi, wapagazi ni wangapi.

Tulikaa na kijana huyu kwenye mgahawa mmoja nyuma ya stendi, mtori ukapoa tukiwa bado kwenye safu zake. Kitu cha kwanza nilichomuuliza hakikuhusu mlima. Nilimuuliza, unamwandikia nani? Akasema, "Wote wanaotaka kupanda, dada." Basi huwezi kupendekeza, nikamwambia, kwa sababu hakuna njia inayowafaa wote. Chagua mtu. Akakumbuka muuguzi mmoja wa Dodoma aliyewaandikia ofisini: hajawahi kupanda mlima, ana likizo ya siku 10 mwezi Septemba, hajawahi kulala kwenye hema, na anachotaka ni kufika Uhuru, mita 5,895, apige picha na kibao. Nikamwambia tunamwandikia huyo.

Baada ya hapo tukaanza kukata. Kwanza tulifuta vyote vilivyo kweli kwa njia zote mbili. Alikuwa ameandika "baridi kali usiku wa kileleni" kama hasara ya Machame, wakati Marangu nako usiku huo unatoka kuelekea kileleni gizani, kwenye baridi ileile. "Inahitaji mazoezi", "ni lazima uwe na kiongozi", vikaenda. Jambo lisilotofautisha njia mbili haliwezi kumsaidia mtu kuchagua kati yake, hata likiwa muhimu vipi.

Pili tulifuta yaliyo kweli lakini hayamhusu muuguzi wetu. Hapa kijana alinibishia. Alikuwa ameweka kwamba Machame ni ghali kwa sababu ya siku nyingi, na ada za hifadhi hutozwa kwa siku. Kwa mgeni anayelipa kwa dola, hoja hiyo ina uzito mkubwa. Lakini Mtanzania hulipa kwa shilingi, na ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni. Siku ya ziada bado ina gharama, maana wapagazi, kiongozi na chakula vinalipiwa, ila haitoshi kuamua safari. Kijana alikuwa ameinukuu hoja hiyo kutoka tovuti zinazoandikia Wazungu, akaipa uzito walioipa wao. Jambo moja linaweza kuwa la kwanza kwa msomaji huyu na la mwisho kwa yule, na ndiyo sababu nakazania kumjua kwanza.

Yakabaki machache, na hapo tukaweza kuuliza swali linaloamua: nini hasa kitamzuia huyu dada asifike Uhuru? Miguu siyo, na mandhari siyo. Wengi wanaogeuzia njiani hugeuzwa na kimo: kichwa kinauma, wanatapika, wanakosa pumzi. Kwa hiyo njia inayomfaa ni ile inayoupa mwili wake nafasi ya kuzoea. Mengine yote yakae chini ya hilo.

Sasa tazama sababu ilivyobadilika. Kijana alikuwa ameandika: "Machame inasaidia mwili kuzoea kimo." Hiyo ni sifa tu, na mtu wa Marangu anaweza kuidai pia. Nikamwambia aeleze kinachotokea mlimani. Akaandika upya:

"Siku ya tatu utapanda hadi Lava Tower, kama mita 4,600, kisha utashuka kulala Barranco, karibu mita 3,950. Mwili wako umeonja kimo mchana, ukapumzika chini usiku. Ukichukua siku 7 badala ya 6, utalala pia Karanga, badala ya kutoka Barranco mpaka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kileleni, kwa siku moja. Kwa Marangu ya siku 5, unatoka Horombo, mita 3,720, unalala vibanda vya Kibo, mita 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni."

Unaona? Hakusema Machame ni bora. Ameonyesha miinuko, na msomaji mwenyewe anaona mahali ambapo Marangu ya siku 5 inambana mtu. Kipimo ninachotumia ni hiki: chukua sababu yako, badilisha jina la njia. Kama sentensi bado inakubalika, itupe. "Machame ina mandhari mazuri", weka Marangu, bado ni kweli. Lakini ile ya Lava Tower na Barranco haihamishiki.

Baada ya sababu, jibu likapanda juu kabisa, kabla ya maelezo yoyote: "Kama ni mara yako ya kwanza na lengo lako ni kufika Uhuru, panda Machame kwa siku 7." Angalia kwamba siku zimo ndani ya jibu. Ukisema Machame tu, mtu ataenda kununua ya siku 6 kwa sababu ni nafuu, atafika Barafu amechoka, kisha atasema ulimdanganya. Pendekezo linapaswa kubeba sharti lililolifanya liwe kweli.

Na hasara je? Wengi wakishaamua wanazificha, na msomaji mwerevu ananusa. Tulibakiza ile nzito kuliko zote, tukaisema bila kuipamba: utalala kwenye hema kila usiku, na asubuhi ya Barranco utaukwea ukuta wa miamba kwa mikono na miguu. Halafu tukasema inavyobebeka. Begi zito la kulalia na nguo za baridi vinakodishwa hapa Moshi, hakuna haja ya kununua. Ukuta hauhitaji kamba. Kiongozi anakuonyesha pa kushika, mnakwenda polepole. Lakini kama urefu unakutetemesha hata kwenye ngazi za ghorofa, ujue sehemu hiyo itakusumbua. Hasara ndogondogo, kama msongamano kambini, tuliziacha. Ukiorodhesha zote unarudi kwenye safu mbili, na msomaji anarudi kwenye simu.

Marangu nayo haikutukanwa. Wenyewe waongozaji huiita njia ya Koka-Kola, kwa sababu soda ziliuzwa vibandani, na watu wakachukulia kwamba ni ya kitoto. Si kweli. Ukiichukua kwa siku 6, ukalala Horombo usiku wa pili na mchana wake ukatembea kuelekea Mawenzi na kurudi, ni njia ya heshima. Ndiyo maana tulimpa msomaji hali moja tu ya kugeuza jibu, na tuliichagua ile anayoweza kuikagua mwenyewe kwenye kalenda: "Ukipanda wakati wa masika, kati ya mwisho wa Machi na Mei, chukua Marangu ya siku 6." Mvua ikinyesha siku mfululizo, nguo zikilowa ndani ya hema hazikauki, na mtu aliyelowa hapandi. Kibanda kina paa. Kijana alitaka kuongeza hali nyingine, ukiwa na watoto, ukiwa mpiga picha, ukipenda utulivu. Nikakataa. Hali moja inageuza jibu, hali tano zinalifuta.

Akauliza, na mwenye siku 5 tu? Tukaandika: asubiri likizo nyingine. Bosi alikunja uso hapo, nadhani aliona mteja akiondoka, lakini akaiacha. Namheshimu kwa hilo. Ndugu mwandishi, jipime hapa bila huruma. Kama jibu lako linabadilika kufuatana na kampuni inayokulipa, huo si ushauri, ni tangazo, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo. Ukiwa unaandikia kampuni inayouza njia moja, sema mapema kwamba mnauza njia hiyo.

Kuna pahali pa kunyamaza pia. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye pumu, mjamzito: usimchagulie njia. Mwambie aende kwa daktari kwanza, kwa sentensi moja, uendelee. Ushujaa wa kutoa jibu haukufanyi uwe tabibu.

Kazi iliyobaki ni ya kila mwaka. Safu mbili hazichachi kwa sababu hazisemi kitu, lakini pendekezo lina tarehe. Nimemwambia kijana aandike juu ya makala mwezi na mwaka, na kila msimu apitie sababu zake moja moja: ada ya Mtanzania bado ni ya shilingi? Vibanda vya Marangu viko wazi? Njia ya Karanga haijafungwa? Sababu ikianguka, arudi kwenye swali la nini kitamzuia yule muuguzi, aamue tena. Akiona jibu limegeuka, abadilishe sentensi ya kwanza na aandike kwamba ameibadilisha, na kwa nini.