Debe chini ya bati: namna ya kuandika wimbo wa kungoja mvua

Wimbo wangu wa kwanza kuhusu ukame niliuandika Dar es Salaam, chumbani, feni ikizunguka juu ya kichwa. Mimi ni mtu wa Chamwino, Dodoma, na nilidhani kuzaliwa huko kunatosha. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Ninateseka na jua
Moyo wangu waugua
Ninakungoja we mvua
Shida zangu wazijua

Mizani minane kila mshororo, vina vimekaa sawasawa, na gitaa liliupokea bila tabu. Mwezi wa Novemba nilikwenda nyumbani nikamwimbia shangazi yangu, aliyekuwa uani akipepeta uwele. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akaniuliza: "Huyu anayeugua moyo ni nani? Ule mwaka mvua ilipochelewa sisi hatukukaa tunaugua moyo, mwanangu. Tulikuwa tunagonga mipini."

Kwa asiyejua jambo hilo: jembe letu la mkono lina mkia wa chuma uliochomekwa kwenye tundu la mpini. Kiangazi kikikaa sana mti unakauka, tundu linalegea, na jembe linaanza kucheza. Unalichukua, unaugonga mpini chini mara tatu nne ili chuma kikae. Kesho yake limelegea tena. Dawa yake ni kuuloweka mpini ndani ya maji usiku mmoja uvimbe, lakini wakati huo maji yenyewe ndiyo yanayochimbwa mchangani, kwenye mto mkavu, yakitekwa kwa kata huku mtu akingoja kisima kijae tena. Hakuna atakayelowekea mpini maji hayo. Basi jioni kijiji kizima unasikia watu wanagonga mipini.

Nilirudi Dar na neno hilo moja, na ndilo lililonifundisha ninachotaka kukueleza leo. Ukiandika wimbo wa kungoja mvua, usitafute namna watu wanavyojisikia. Tafuta wanachokifanya kwa sababu mvua haijaja, na wanachoshindwa kukifanya kwa sababu hiyohiyo. Kungoja kuna kazi zake, na kila kazi ina kifaa chake.

Kabla hujaandika mshororo wowote, amua ni mvua ipi na ya wapi. Dodoma tuna msimu mmoja tu. Mvua inaanza mwisho wa Novemba au Desemba, inaisha Aprili, na kuanzia Juni hadi Oktoba ni kama hainyeshi kabisa. Ukiimba kuhusu vuli na masika, msikilizaji wa Dodoma anajua papo hapo kwamba maneno umeyabeba kutoka Pwani au Kaskazini. Vivyo hivyo na ile taswira ambayo kila mtunzi huikimbilia, ardhi iliyopasuka. Udongo unaopasuka ni ule mweusi wa mbuga, wa mfinyanzi. Mashamba yetu mengi ni ya udongo mwekundu wa kichanga, nao haupasuki, unageuka vumbi linaloingia mpaka kwenye chungu cha mlenda. Taswira isiyo ya mahali pake ina ubaya uleule wa neno "huzuni": msikilizaji haoni kitu.

Nilipoanza upya niliandika orodha ya vifaa, si ya maneno mazuri: jembe, kata, debe, kibuyu cha mbegu, bati, ungo, kengele ya ng'ombe. Kila kifaa nilikiuliza swali moja tu: mvua ikichelewa, wewe unafanyiwa nini? Debe ndilo lililonijibu vizuri kuliko vyote. Mama yangu alikuwa analiweka debe la kukingia maji chini ya ukingo wa bati mapema, ili mvua ikianza usiku lisimame tu na kukinga. Kwa kuwa halikuwa na kazi, lililazwa ubavu, na kuku akaingia kutagia humo, kisha akaatamia. Nikaandika:

Debe li chini ya bati
Ndani amelala kuku
Mama asema: mwacheni
Bado hatulihitaji

Tazama mshororo wa mwisho. Mama hasemi amekata tamaa. Anasema debe halihitajiki, na kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia kuku. Msikilizaji ndiye anayefika mwenyewe mahali nilipotaka kumpeleka, na akifika mwenyewe hasahau. Neno lililobeba mzigo ni "bado". Katika wimbo wa kungoja, "bado" lina kazi kubwa kuliko "nateseka" kumi, mradi ulitumie mara moja. Ukilirudia kila ubeti linapoteza makali.

Kuna mtego mmoja wa Kiswahili chenyewe ambao ningependa mtu angenionya mapema. Vitenzi vyetu karibu vyote vinaishia na "a", ukiacha vile vya asili ya Kiarabu kama subiri na fikiri. Na hisia tunazitaja sana kwa vitenzi: nalia, naumia, nateseka, nasononeka. Kwa hiyo ukiandika huku unatafuta vina, kina cha "a" kinakuvuta kwenye hisia bila wewe kujua, kwa sababu kinapatikana bure. Ubeti wangu wa kwanza wote ni "ua, ua, ua, ua". Vifaa haviko hivyo. Debe, jembe, bati, ndoo, mbegu, kuku, vumbi: kila kimoja kina mwisho wake. Jilazimishe kumalizia mishororo kwa jina la kitu angalau mara mbili kwa kila ubeti, uone jinsi wimbo unavyoanza kuonekana. Vina vitapungua ukamilifu kidogo. Mimi katika ubeti wa debe nina "i" tatu na "u" moja, na sijawahi kusikia mtu akilalamika.

Jambo jingine ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mdundo ukiangukia silabi nyingine, neno zito linakuwa jepesi. Katika wimbo wa kwanza nilivuta sana "a" ya mwisho ya "mvua", ikasikika kama jina la mtu anayeitwa kwa mbali. Gonga meza kwa kidole, sema mshororo kama unavyozungumza, kisha uimbe. Vikitofautiana, badilisha noti au badilisha neno. Mimi hubadilisha neno.

Ubeti wa pili niliupa jembe la shangazi:

Mpini umelegea
Baba augonga chini
Maji ya kuuloweka
Ndiyo yale ya ugali

Hapa nilifanya kosa nikalirekebisha. Mwanzoni mshororo wa pili ulikuwa "Jembe lacheza, lalia". Niliona vizuri, jembe linalia. Baadaye niligundua kwamba nimeingiza kilio kwa mlango wa nyuma: nimekataa mtu asilie, nikakiliza chuma. Kama unataka kujua taswira yako ni ya kweli au ni hisia iliyovaa nguo, iulize kama mpiga picha angeweza kuipiga. Baba anayegonga mpini anapigika. Jembe linalolia halipigiki.

Wimbo wa kungoja una tatizo ambalo nyimbo nyingine hazina: hakuna kinachotokea. Ukijaza taswira kumi tofauti, kila ubeti kitu kipya, unapata picha nyingi ukutani na hakuna muda unaopita. Rudisha kifaa kilekile baadaye, kikiwa kimebadilika. Kuku aliyelala kwenye debe alinisaidia hapo, kwa sababu yai la kuku linaanguliwa kwa siku 21 na kila aliyefuga anajua. Sikuhitaji kuimba "siku nyingi zimepita":

Debe li chini ya bati
Vifaranga wametoka
Wanadonoa shambani
Mbegu tuliyofukia

Ubeti huu una habari ambayo mkulima wa kwetu anaipata mara moja. Wengi tunapanda kabla mvua haijaja, mtama na uwele unafukiwa kwenye udongo mkavu ili tone la kwanza likute mbegu iko ndani. Ni kamari. Mvua ikichelewa, mchwa, ndege na kuku wanaila. Na hata ikinyesha, huwa kuna kipindi cha jua mwezi wa Januari au Februari ambapo miche iliyokwisha kuota inakauka, na mtu anapanda mara ya pili, kama ana mbegu. Ukinyeshewa mara moja ukaachwa, kungoja kwako ni kuchungu zaidi kuliko kule kwa kwanza, na sijasikia nyimbo nyingi zinazokigusa kipindi hicho. Kama unatafuta pa kuanzia, anzia hapo.

Kiitikio kilinisumbua wiki mbili. Kila nilichoandika kilikuwa "njoo mvua, njoo". Si kosa kuiita mvua, watu wameiita tangu zamani na wataendelea, lakini kiitikio kinarudiwa, na ombi likirudiwa mara nne linageuka kelele. Nikakumbuka sauti ya bati. Mchana linapashwa moto na kutanuka, jioni linapoa na kusinyaa, na linaposinyaa hutoa mlio mkavu kama tone zito limeangukia juu yake. Tukiwa tumezunguka sinia la ugali, mlio ule ulikuwa unatunyamazisha sote:

Bati likilia ta! ta!
Sote tunaacha kula

Mishororo miwili tu, na "mvua" haimo. Kwa kweli katika wimbo mzima neno hilo halimo. Mtayarishaji aliyenirekodia aliogopa kwamba msikilizaji hataelewa, akataka niongeze mazungumzo mwanzoni kueleza. Nilimwomba tuujaribu kwanza kwa watu watano ambao hawajaambiwa kitu. Wote walitaja mvua kabla ya ubeti wa pili kuisha. Fanya jaribio hilo na wimbo wako. Wakishindwa wote, ongeza kifaa kimoja kinachohusu maji mapema zaidi, usiongeze maelezo.

Baada ya ubeti wa tatu kiitikio kinarudi, na hapo ndipo nilipokibadilisha kidogo:

Bati likilia ta! ta!
Mikono haisimami

Watu wanaendelea kula, sauti wameshaizoea. Sikuileta mvua mwishoni. Nilijaribu, nikaandika ubeti mzima wa matone na kumbikumbi, ukawa mzuri, nikautoa kwa sababu ulikuwa ni wimbo mwingine.

Mwaka uliofuata nilimwimbia tena shangazi, uani palepale. Safari hii hakuuliza nani analia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo mbegu iliyoliwa, nyingine mlitoa wapi?" Sikuwa na jibu kwenye wimbo. Sasa naandika ubeti wa nne, na mpaka leo ninacho kibuyu tu, kile kilichoning'inizwa juu ya moshi wa jikoni, mbegu zimechanganywa na majivu, na mama akikishusha, akikitikisa karibu na sikio kabla ya kukifungua.