Ramani ya skimu ya Mpeketoni: mstari au mtawanyiko?

*Nafundisha jiografia Mpeketoni, Lamu, kwenye skimu ambako familia ziligawiwa mashamba. Wanafunzi wangu wamesema mji wa Siyu ni makazi ya mkusanyiko na skimu yetu ni ya kutawanyika. Lakini kuna barabara ambazo nyumba zake zimejipanga kama shanga. Je, wamekosea?*

Mwalimu, hawakukosea, ila wameangalia nyumba bila kuangalia mipaka ya mashamba, na jibu liko kwenye mipaka hiyo. Nimepima viwanja miaka mingi, na kila mara umbo la ploti ndilo lililoamua familia itajenga wapi.

Chukua ploti ya ekari 10, ukubwa unaoujua huko kwenye skimu. Hiyo ni kama mita za mraba 40,000. Ikiwa mraba, kila upande ni mita 200, na mwenye shamba akijenga katikati, jirani yake wa karibu yuko mita 200 hivi. Huo ndio mtawanyiko. Sasa chora ploti ya ukubwa uleule, lakini upana wake barabarani uwe mita 100 na urefu wa kwenda nyuma mita 400. Kila mtu atataka kuwa karibu na gari la kubeba mazao, kwa hiyo atajenga mbele. Nyumba zitakuwa mita 100 tu kutoka moja hadi nyingine, na nyuma yake ni pamba, mahindi na mikorosho hadi mwisho. Ekari ni zilezile, ila umekwisha kupata makazi ya mstari.

Siyu ni habari nyingine. Kisiwani Pate maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi ardhini, na ukichota kwa pupa kisima huanza kuonja chumvi. Watu hawawezi kuchimba popote wapendapo, kwa hiyo huishi karibu na visima na majabia yanayokusanya mvua. Ongeza haja ya kujilinda, udugu wa mitaa na msikiti, na nyumba zinabanana hadi ujia unapita punda mmoja. Shamba liko mbali, hata ng'ambo bara, na mkulima analiendea kwa miguu au kwa mashua. Mpeketoni familia iliweza kukaa juu ya shamba lake kwa sababu kulikuwa na ardhi ya kugawa, na maji ya kisima hayakuwa ya mahali pamoja tu.

Kosa ninaloliona zaidi ni kutazama ramani ya kipimo kidogo, ambapo barabara huonekana na nyumba za nyuma hazionekani, halafu kila kitu kikaitwa mstari. Watembeze wanafunzi kilomita moja barabarani, kisha waingie mita 300 ndani kila upande wahesabu nyumba. Wakikuta nyumba chache tu nyuma, ni mstari. Wakikuta nyuma kuna nyumba karibu nyingi kama mbele, zikiwa zimeachana, ni mtawanyiko uliokatwa na barabara. Na pale panapouzwa vitu, njia panda, watakuta mkusanyiko mdogo uliozaliwa baadaye. Waupe rangi yake pekee kwenye ramani.