Namba za Maonesho Zisilale Daftarini

"Nauza dagaa wa Igombe. Nilirudi kutoka maonesho nikiwa na namba za simu za wageni 63, nikawatumia wote ujumbe mmoja wa kuwashukuru kwa kutembelea banda. Wamejibu wawili tu. Nimekosea wapi?"

Kwanza hakikisha kwamba ujumbe uliwafikia. Ikiwa ulitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, fahamu kwamba ujumbe wa namna hiyo humfikia tu mtu aliyekwisha kuhifadhi namba yako kwenye simu yake, na wageni wengi wa maonesho huandika namba zao kwako bila kuhifadhi yako. Fungua taarifa za ujumbe huo utazame waliofikiwa. Huenda hao 61 hawakukudharau, bali hawakuona kitu.

Pili, shukrani peke yake haimkumbushi mtu chochote. Mgeni aliyezunguka viwanja vya Furahisha jijini Mwanza mchana kutwa amepita kwenye mabanda mengi ya dagaa, na jina la biashara yako limechanganyika na mengine. Asichosahau ni maneno yake mwenyewe, kwa hiyo ujumbe uanze na kile alichosema au alichofanya yeye.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka Kahama, ambaye alichota dagaa kidogo, akawasugua kiganjani kutafuta mchanga, kisha akauliza kama unafunga pakiti za nusu kilo. Mwandikie hivi:

"Shikamoo mama. Ni mimi wa dagaa wa Igombe, Jumamosi kwenye maonesho. Ulisugua dagaa kiganjani ukakuta hawana mchanga, nikakueleza kwamba tunaanika kwenye chanja. Uliulizia pakiti za nusu kilo. Nimeshazifunga, picha ni hii. Alhamisi natuma mzigo Kahama. Nikuwekee pakiti mbili uzione?"

Ujumbe huo unajibu swali aliloliacha bandani, na wenyewe unaishia kwenye swali moja linalojibika kwa neno moja. Usiongeze orodha ya bei za bidhaa zako zote, kwa sababu mtu akipewa mambo sita ya kufikiria huahirisha yote. Ni kweli kwamba kuandika ujumbe wa mtu mmoja mmoja kunachosha. Anza na wale walioulizia bei, kipimo au usafiri, ambao aghalabu ni wachache, na hao uwamalize kabla ya kuwagusa wengine.

"Mbona namba nyingine hata mimi sikumbuki ni za nani?"

Fungua picha ulizopiga bandani uzilinganishe saa zake na mpangilio wa majina daftarini. Mara nyingi sura moja hurudisha mazungumzo yote. Ikishindikana, usijifanye unakumbuka, maana mtu akitajiwa jambo ambalo hakulisema anaacha kukuamini. Mtumie picha ya banda lako, umtajie siku, kisha umuulize kwa heshima ni bidhaa ipi aliyoiulizia.

Kwenye maonesho yajayo, mbele ya kila namba acha nafasi ya kuandika alichogusa, alichouliza na ulichomwahidi, na uandike kabla mgeni anayefuata hajafika. Maneno manne yanatosha: "mchanga, nusu kilo, Kahama". Hifadhi namba hiyo kwenye simu kwa maneno hayohayo.

"Nipige simu au niandike? Na akikaa kimya nimkumbushe mara ngapi?"

Andika kwanza, ndani ya siku mbili, kisha piga siku ya tatu au ya nne, saa ambazo duka limetulia. Mnunuzi wa hoteli au wa taasisi mwandikie barua pepe yenye kichwa kinachotaja alichokiulizia, kwa sababu huenda akahitaji kuipeleka kwa mkubwa wake.

Ukumbusho wa pili uwe na habari mpya. Kuuliza tu "uliuona ujumbe wangu?" kunamfanya mtu ajihisi anadaiwa. Wewe wa dagaa una bahati, kwani ziwa lenyewe linakupa habari: mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri na mzigo hupungua, giza likirudi mzigo huongezeka. Ujumbe kwamba giza limeingia na dagaa wapya wako chanjani una sababu ya kutumwa, na mfanyabiashara wa dagaa anauelewa mara moja. Akinyamaza baada ya huo, mwache hadi bei au msimu ubadilike.

"Je, niwaweke wote kwenye kundi moja?"

Usifanye hivyo bila kumwomba kila mmoja ridhaa yake. Aliyekupa namba ili ajulishwe kuhusu nusu kilo hakuitoa ili watu 62 asiowajua waione, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa ya mtu itumike kwa lengo lile alilokupatia. Zaidi ya hayo, daftari hilo huenda lina majina ya wauza dagaa wenzako waliopita kuchungulia bei, nawe utakuwa umewakabidhi wateja wako wote.