Tangazo liliandika "fully funded", mbona chuo kinataka nionyeshe dola 2,300?

*Shikamoo Mama. Niliomba shahada ya uzamili Marekani kwa sababu tangazo liliandika "fully funded: full tuition waiver and stipend of $18,000". Nimekubaliwa, lakini chuo kinataka nionyeshe dola 2,300 zangu ndipo kinipe I-20, ile fomu ya kuombea visa. Nimekuambatishia mchanganuo wao. Hela hiyo ni ya nini kama kila kitu kimelipwa? Nimetapeliwa?*
*Msomaji, Iringa*

Marahaba mwanangu. Katika karatasi ulizonitumia sioni dalili ya utapeli. Tapeli angetaka umtumie hizo dola. Chuo kinataka uonyeshe tu kwamba unazo, au kwamba yupo ndugu wa kuzitoa, kwa taarifa ya benki. Sharti lenyewe linatokana na F-1, yaani visa ya mwanafunzi: chuo hakiruhusiwi kutoa I-20 mpaka kijiridhishe kwamba gharama za mwaka wa kwanza zina pa kutoka.

Tuone hiyo 2,300 imetoka wapi. Mchanganuo wako una mistari minne ya gharama: ada dola 22,000, michango 1,800, bima ya afya 2,000, na chakula, malazi na matumizi mengine 16,500. Jumla ni 42,300. Upande wa pili chuo kimeandika msamaha wa ada 22,000 na stipend 18,000, yaani 40,000. Pengo ndilo hilo unalodaiwa kulionyesha.

Neno lililokupotosha ni "tuition". Wewe umesoma shule zetu, unajua ada ni kitu kimoja na michango ni kitu kingine. Kule ni vivyo hivyo. "Tuition" ni ada ya kufundishwa peke yake. Michango ya maktaba, kompyuta, zahanati na usafiri huitwa "fees", na msamaha wa ada hauigusi isipokuwa barua iseme hivyo waziwazi. Kwa hiyo "full tuition waiver" yako ni ya kweli, ada yote imeondoka, ila 1,800 za michango na 2,000 za bima zimebaki mabegani mwako.

Kuna aina moja ya msamaha ambayo lazima nikuonye, kwa kuwa nimeona watu wazima wakiikubali bila kuielewa. Vyuo vya umma vya Marekani vina bei mbili za ada, ya wakazi wa jimbo na ya watokao nje ya jimbo. Tangazo likisema "out-of-state tuition waiver", wanakusamehe tofauti ya bei hizo mbili tu. Ada ya mkazi bado utailipa, na inaweza kuwa maelfu ya dola. Kwako hapo pako salama, kwa sababu kiasi kilichosamehewa ni kilekile cha ada kwenye mchanganuo. Siku zote linganisha namba hizo mbili badala ya kuliamini neno "full".

Sasa stipend. Vijana wengi huiona kama bumu lenye jina la kizungu. Zinafanana kwa kuwa ni hela ya kujikimu, na hii hutairudisha kama mkopo. Lakini ya kwako inakuja na kazi. Barua inasema "graduate assistantship, 0.50 FTE", yaani nusu ya kazi ya kutwa: saa 20 kwa wiki za kusaidia kufundisha au kufanya utafiti. Mwenye F-1 haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi ya chuoni wakati masomo yakiendelea. Maana yake huwezi kuongeza kibarua kingine juu yake muhula ukiwa umeanza, na kazi ya nje ya chuo inahitaji kibali maalumu.

Halafu tazama imeandikwa ya miezi mingapi. Yako ni "9-month appointment". Ukiigawa 18,000 kwa miezi tisa unapata 2,000 kwa mwezi na moyo unatulia. Lakini mwaka una miezi kumi na miwili. Toa michango na bima, inabaki 14,200. Igawe kwa kumi na mbili: kama dola 1,183 kwa mwezi, kabla ya kodi. Ndiyo, serikali ya shirikisho hukata kodi ya mapato kwenye mshahara huo, na Tanzania haina mkataba na Marekani wa kukupa nafuu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa I-20, sehemu ya fedha, utaona pameandikwa makadirio ni ya miezi mingapi. Ikiwa ni 9, basi kodi ya nyumba na chakula cha kiangazi havimo katika hesabu yoyote uliyoonyeshwa. Hili linanisikitisha kuliko yote, maana mwanafunzi huligundua mwezi wa tano, akaunti ikiwa tupu.

Tofauti hizi si za Marekani tu. Ufadhili kamili wa serikali ya China, kwa mfano, unabeba ada, bweni, bima na yuan 3,000 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa uzamili, lakini tiketi ya ndege kwa kawaida ni yako. Nao wana utaratibu wao: mwanafunzi mpya akijisajili baada ya tarehe 15, mwezi ule hupata nusu ya posho. Wote wanaandika "fully funded", kila mmoja akiwa na orodha yake.

Turudi kwako. Zipo gharama zinazokuja kabla hujapokea hata senti: ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, maombi ya visa 185, nauli, na amana ya chumba. Mshahara hulipwa baada ya kazi kufanyika, na chuo kinahitaji kukuingiza kwanza kwenye orodha ya malipo. Ukifika katikati ya Agosti, usishangae malipo ya kwanza yakija mwishoni mwa Septemba. Hizo wiki sita ndizo 2,300 zako zitakapofanya kazi kweli, kwa hiyo zisiwe za kuazima kwa ajili ya taarifa ya benki tu.

Kabla ya kukubali, mwandikie mratibu wa uzamili wa idara yako, si ofisi ya udahili, kwa kuwa idara ndiyo inayotoa hiyo nafasi. Muulize kama kuna nafasi ya kiangazi na wangapi waliipata mwaka jana. Muulize kama idara hulipa sehemu ya bima au michango. Baadhi hulipa na hawaandiki kwenye tangazo. Na umtake akueleze maneno "renewable subject to satisfactory progress" kwenye barua yako: ni wastani gani wa alama, na je, mwaka wa pili umeahidiwa au unategemea bajeti? Pengo likizibwa hata kwa nusu, omba barua mpya, kwa sababu I-20 hujazwa kwa kufuata barua, si mazungumzo.

Usiharakishwe. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyeahidiwa ufadhili wa uzamili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Angalia kama barua yako inataja tarehe hiyo, na utume maswali wiki hii ili majibu yakufikie mapema.