Kabla hujanunua hayo mabati 20, chora shiti moja kwanza

"Wakuu, nimepata oda ya vitako 1,100 vya jiko, duara la sentimita 25, kutoka kwa plen shiti ya futi 8 kwa 4. Nimeambiwa nikipanga kwa kupishana hasara ni asilimia 9 tu, so nimepiga hesabu kila shiti inatoa 55, nanunua mabati 20. Iko sawa?"

Omera, usinunue. Kama umeshatoa deposit rudi leo hii kabla hawajafunga. Shiti moja haitakupa 55, itakupa 45, na mabati 20 yatakupa vitako 900, halafu utakuwa umekaa hapo na oda ya 1,100 na mteja anapiga simu kila saa. Najua vile inauma kwa sababu nimeipitia hiyo barabara yote mpaka mwisho.

Mwaka 2021 nilikuwa na banda langu upande wa Kibuye, Kisumu, nikapata oda ya vitako 760 vya sentimita 30. Kabla ya hapo nilikuwa napanga duara zangu mistari iliyonyooka kama viti vya kanisa, kila duara ndani ya mraba wake, sikuwa na shida na mtu. Sasa nikaenda kununua mabati, yule jamaa wa hardware akaniona napiga hesabu kwa kikaratasi, akaniambia wewe unatupa pesa, panga kwa kupishana kama masega ya nyuki, hasara itatoka 21 mpaka 9. Akanifanyia hesabu hapo hapo kwa kalkuleta: eneo la shiti, mara 0.907, gawanya kwa eneo la duara, ikatoka 38. Vitako 760 gawanya kwa 38 ni mabati 20 kamili. Kamili! Nikaona hii ni hesabu imetumwa na Mungu. Nikampa mteja bei ya mabati 20, tukaandikiana, akalipa nusu.

Shiti ya kwanza ikatoa 30. Nikajua ni kijana amechora vibaya, nikamfokea, maskini ya Mungu, nikachora ya pili mimi mwenyewe na bikari. 30. Badala ya kusimama nikasema labda ni chaki nene, labda tunaacha nafasi kubwa, twende tu mkono utazoea, kwa sababu kalkuleta ilisema 38 na mimi nani nibishane na kalkuleta. Mabati yote 20 yakaisha tukiwa na vitako 600. Nikabaki nadaiwa 160. Nikanunua mabati mengine 5, bei ilikuwa imepanda nikalipa 3,200 kila moja, hiyo ni 16,000 kutoka mfukoni, na kazi yote niliyotarajia faida ikawa nimefanya bure nikilipa vijana.

Na kitu kinachonikasirisha mpaka leo si hiyo 16,000. Ni kwamba hayo mabati 5 ya mwisho niliyapanga vile vya zamani, mistari minyoofu, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sitaki kusikia maneno ya nyuki. Yakatoa 32 kila moja. Thelathini na mbili! Njia ya kizamani ilishinda ile mpya kwa duara mbili kila shiti. Minyoofu ilipoteza asilimia 24, ya kupishana ikapoteza karibu 29. Kama ningeacha kusikiliza mtu tangu mwanzo ningemaliza kwa mabati 24.

Nikaenda kutafuta ni wapi hiyo 9 imetoka, na nataka ushike hapa kwa sababu ndiyo kiini. Hiyo namba si uongo. Duara likikaa ndani ya mraba wake linajaza asilimia 78.5, kwa hivyo 21.5 inaenda. Ukisukuma mstari wa pili nusu duara pembeni, duara zake zinaingia kwenye mabonde ya mstari wa kwanza, na umbali kutoka mstari hadi mstari haubaki kipenyo kizima, unakuwa kipenyo mara 0.866. Chukua 78.5 ugawanye kwa 0.866 unapata 90.7, ndiyo hiyo hasara ya 9.3. Hakuna mpangilio wowote unaoishinda, mtu anaitwa László Fejes Tóth alitoa uthibitisho kamili mwaka 1940. Lakini soma vizuri alithibitisha nini: ni kwa uwanja usio na mwisho. Usio na kingo. Wewe shiti yako ina kingo nne na zote zinakula.

Zinakula hivi. Mstari wa pili ukiusukuma nusu duara, mwisho wake unahitaji nusu duara ya nafasi ya ziada. Kama haipo, mstari huo unapoteza duara moja nzima. Kwangu, shiti ya sentimita 244 ilibeba duara 8 za 30 (mimi nahesabu 30.2, maana naacha milimita 2 za makasi kupita), zikabaki kama sentimita 2 na nusu, na mimi nilitaka 15. Kwa hivyo nikapata 8, 7, 8, 7. Halafu upande wa pili, mistari imesogeleana sawa, lakini kwa upana wa 122 kusogeleana huko hakukutosha kuzaa mstari wa tano. Kukabaki ukanda wa sentimita 13 na nusu kando ya shiti nzima, haufai kwa kitu. Kwa hivyo nilipoteza duara mbili na sikupata chochote.

Hata ningegeuza shiti, mistari ikae kwa upana, ningepata mistari 9 badala ya 8, yaani nimeongeza duara 4, lakini mistari minne katika hiyo ingekuwa na 3 badala ya 4, yaani nimepoteza 4. Inarudi 32 ile ile, na kuchora kote huko ni bure. Huyo jamaa wa hardware hakuwahi kukata hata kifuniko cha debe maishani mwake, anauza mabati, na mtu anayeuza mabati hesabu yake ikikosea yeye anakuuzia mabati mengine. Asikupe mtu asilimia. Mwambie akuhesabie vipande.

Na kuhesabu vipande si ngumu, inachukua dakika tano. Mistari ya kupishana unapata kwa hii, ukitupa desimali:

```
mistari = 1 + (upana - d) / (0.866 x d)
```

d ni kipenyo pamoja na nafasi ya makasi. Halafu angalia urefu: duara ngapi zinaingia kwa mstari, na je, baada ya hizo imebaki nusu ya d? Ikibaki, mistari yote inabeba sawa. Isipobaki, kila mstari wa pili toa moja. Fanya hivyo mara mbili, mara ya kwanza mistari ikifuata urefu, mara ya pili ukigeuza ifuate upana, hapo urefu na upana vinabadilishana nafasi kwenye hesabu, halafu linganisha na minyoofu. Usiruke kugeuza.

Sasa ya kwako, d ni 25.2. Minyoofu: 9 kwa 4, ni 36, na unapoteza karibu asilimia 41, mbaya sana. Kupishana mistari ikifuata urefu: 122 toa 25.2, gawanya kwa 21.8, ni 4 na desimali, ongeza 1, mistari 5. Kwa urefu zinaingia 9 na inabaki kama sentimita 17, wewe unataka 12.6 tu, kwa hivyo hakuna mstari unaopoteza. 9 mara 5 ni 45. Ukigeuza unapata 44. Kwa hivyo kwako kupishana kunashinda kweli, tena vizuri, vitako 9 zaidi kwa kila shiti, sikukatazi. Lakini hasara ni karibu 26, si 9. Unahitaji mabati 25.

Halafu kama una ile mashine ya kukata mstari mnyoofu, usithubutu kukata shiti kuwa kanda kwanza kama ulivyozoea. Kwa kupishana mistari imeingiana, kwako ni kama sentimita 3 na kidogo, hiyo kisu itapita ndani ya duara za mstari wa chini na utaharibu mstari mzima kwa mpigo mmoja. Ni makasi ya mkono ama kitu kinachozunguka duara, moja baada ya nyingine, na hiyo ni siku zaidi za vijana ambazo lazima uweke kwa bei.

Kwa hivyo kabla ya yote mpigie mteja, muulize swali moja: kitako cha 24 kitakaa kwa jiko lake ama lazima 25? Kwa sababu ona hii. Kwa 24, na milimita 2 zako, d ni 24.2. Kupishana kwa urefu unapata 10, 9, 10, 9, 10, ni 48, na ukigeuza ni 50. Lakini minyoofu nayo sasa inaingia 10 kwa 5, kamili, ni 50! Sentimita moja tu na kupishana hakushindi tena. Mabati 22, vitako 1,100 bila kubaki hata kimoja, na hapo mashine yako inaruhusiwa kukata miraba kwanza halafu unamalizia kona. Ila nafasi iliyobaki kwa upana ni kama sentimita moja, kwa hivyo pima shiti yenyewe na tepu pale dukani, kona kwa kona, kwa sababu shiti ikiwa imekatwa fupi au imepinda mstari wa tano hauingii na unarudi kwa 48. Na nunua moja ya ziada, kuna duara zitaharibika tu.

Akikataa 24, basi ni 25 kwa kupishana, na bei ya mabati 25 umwambie leo, kabla hajakulipa nusu.