Heshi Isiyojulikana Haimaanishi Faili Salama

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayesimamia kompyuta za ofisi ya uwakala wa forodha aliniandikia hivi: "Kaka, kuna ankara imekuja kwa baruapepe, nimetafuta heshi yake VirusTotal, haipo kabisa. Nimruhusu mhasibu aifungue?" Nilimjibu kwa neno moja, usithubutu, kisha nikakaa kwa muda nikiitazama ile simu, kwa sababu swali hilo nililijibu vibaya miaka kadhaa iliyopita na jibu langu likanigharimu barua ya onyo ambayo bado ninayo kwenye droo.

Wakati huo nilikuwa mtu pekee wa kompyuta katika kampuni ambayo sitaitaja. Mhasibu aliniletea kiambatisho cha zipu chenye jina la ankara, nami nikajiona mtaalamu: nikapiga heshi ya SHA-256, nikaitafuta VirusTotal, tovuti inayokusanya maoni ya kingavirusi nyingi kuhusu faili moja, nikakuta hakuna matokeo. Nikaendesha amri ya `strings`, inayotoa maneno yanayosomeka ndani ya faili, kwenye programu iliyokuwa ndani ya zipu, nikaona majina ya kawaida ya programu za Windows na hakuna jambo la kutisha. Nikamwambia afungue. Baada ya siku mbili wateja wetu walianza kupokea ankara zenye akaunti ngeni ya benki, zikitoka kwenye anwani halisi ya mhasibu huyo. Katika kikao nililaumiwa mimi peke yangu, ingawa nilikuwa nimeomba mafunzo mara mbili na kunyimwa.

Kosa langu la kwanza ndilo alilokuwa analifanya msomaji huyu: nilipiga heshi ya zipu, si ya programu iliyokuwa ndani yake. Heshi ni alama ya kidole ya faili. Baiti moja ikibadilika, karibu herufi zote 64 hugeuka kuwa nyingine. Mtu anayesambaza programu hasidi anaweza kuifunga upya programu ileile katika zipu elfu moja, kila moja ikiwa na saa tofauti au jina tofauti ndani yake, na kila zipu ikawa na heshi ambayo dunia haijawahi kuiona. Programu iliyo ndani huenda ikawa inajulikana tangu jana yake.

Kwa hiyo nilimwambia msomaji ahamishe zipu hiyo kwenye mashine pepe ya Linux isiyounganishwa na mtandao, aifungue humo kwa `7z x`, na abadilishe jina la kilichotoka kutoka `.pdf.exe` kuwa `sampuli.bin`, ili hata mkono ukiteleza kusiwe na kitu cha kubofya. Windows kwa kawaida huficha kiambishi cha mwisho, na ndiyo sababu mhasibu aliona `.pdf` tu. Kisha aendeshe amri nne ambazo husoma faili bila kuliendesha:

```
sha256sum sampuli.bin
file sampuli.bin
strings -n 8 sampuli.bin | less
strings -n 8 -e l sampuli.bin | less
```

Ile amri ya nne ndiyo niliyoikosa mimi. `strings` bila nyongeza hutafuta herufi zinazokaa baiti moja moja, ilhali programu nyingi za Windows huhifadhi maneno yake kwa baiti mbili kwa kila herufi. Programu za .NET huyahifadhi hivyo maneno ambayo mwandishi wake aliyaandika ndani ya alama za kunukuu, yaani anwani, njia za mafaili na nywila. Baada ya balaa langu, rafiki aliyekuja kunisaidia aliongeza `-e l` kwenye faili lilelile, na mbele ya macho yangu zikatokea `logins.json`, `\Google\Chrome\User Data`, jina la seva ya baruapepe na `checkip.dyndns.org`. Faili lilikuwa linasoma nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari, linauliza anwani ya mtandao ya ofisi, kisha linatuma yote kwa baruapepe. Lilikuwa limesema kila kitu, ila mimi nilisikiliza kwa sikio moja.

Faili la msomaji lilikuwa janja zaidi. `file` ilionyesha `Mono/.Net assembly`, lakini amri zote mbili za maneno hazikutoa anwani wala njia ya kivinjari. Zilitoa majina ya vitufe na madirisha ya mchezo mdogo wa karata, kama kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hapo ndipo wengi hupumua. Mimi nilimuuliza ukubwa wa faili: lilikaribia megabaiti moja, na sehemu kubwa yake ilikuwa data isiyosomeka iliyowekwa kama picha. Ankara haina sababu ya kuwa mchezo wa karata, na mchezo wa karata hauhitaji shehena ya namna hiyo. Maneno yakikosekana pale yalipotarajiwa, maana yake mara nyingi ni kwamba yamesimbwa na yatafunguliwa kwenye kumbukumbu programu ikishaanza, na hapo `strings` haina tena la kusema.

Ikabaki heshi, safari hii ya programu yenyewe. Aliitafuta, na ikapatikana: ilikuwa imeonekana siku moja kabla, na mtu mwingine alikwisha kuiendesha katika sanduku la majaribio, yaani mashine ya kutupwa inayorekodi kila tendo. Tafadhali, tafuta heshi kwanza kabla ya kupakia faili. Faili ulilolipakia VirusTotal linaweza kupakuliwa na wateja wake wanaolipia, na masanduku mengi ya bure huweka ripoti hadharani; kama ni waraka halali wa mteja, umemwanika, na kama ni shambulio lililolengwa kwenu, mshambulizi anayefuatilia heshi yake atajua mmemgundua.

Ripoti kama hiyo usiisome kwa kutazama alama nyekundu iliyo juu. Anza na mti wa michakato, yaani orodha inayoonyesha programu ipi ilianzisha ipi. Katika ripoti hii faili lilianzisha `powershell` yenye `Add-MpPreference -ExclusionPath`, ambayo huiambia kingavirusi ya Windows isikague folda fulani; likafuata `schtasks.exe` lenye `/Create`, la kujirudisha kila kompyuta inapowaka; kisha likaanzisha `RegSvcs.exe`, programu halali ya Microsoft, nayo ikajiunganisha na seva ya baruapepe kwa mlango 587, ule wa kutumia baruapepe kwenda nje. Miunganisho ya kusasisha Windows iliyokuwa pembeni ni kelele za mashine yenyewe, usiipoteze siku ukiizuia. Lakini `RegSvcs.exe` haina kazi yoyote na baruapepe: msimbo wa mwizi ulikuwa umeingizwa ndani yake. Na kama ripoti ingekuwa tupu, nisingeiamini pia, kwa sababu masanduku mengi huangalia kwa dakika chache tu, na programu hasidi inaweza kulala hadi muda upite au kukataa kuamka ikigundua iko kwenye mashine pepe.

Ofisi ya msomaji hutumia baruapepe kwa kivinjari, hivyo hakuna kompyuta ya mfanyakazi inayopaswa kutoka nje kwa mlango 587. Nilimwomba atafute mlango huo kwenye kumbukumbu za ngome ya mtandao. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa safi. Ile ya karani wa ghala, aliyepokea baruapepe hiyohiyo siku iliyotangulia na hakuuliza mtu, ilikuwa imetoka mara kumi na moja. Walichomoa waya wake wa mtandao bila kuizima, na nywila za karani zikabadilishwa kutoka kwenye kompyuta nyingine jioni hiyohiyo.