Kwa nini shabu nyingi si maji safi

"Wakuu, mto ukijaa tope wakati wa mvua, kwa nini mtamboni wasimimine tu dawa mpaka maji yatakate?"

Mkuu, nimefanya zamu nyingi kwenye maabara ya mtambo wa maji, na swali lako ndilo linalotushughulisha kila mvua ikinyesha. Tope la mto ni chembe ndogo mno zinazosukumana, kwa hiyo hazizami. Dawa tunayotia, yaani shabu, huziondolea huko kusukumana, zikashikana kuwa mabonge mazito yanayotua chini. Lakini shabu ni tindikali, nayo hula alkali iliyomo majini: miligramu 1 ya shabu hula takriban nusu miligramu ya alkali. Mvua huleta tope na papo hapo hupunguza alkali.

Chukua mto wenye alkali miligramu 30 kwa lita. Tunapanga bikari sita za lita moja, tunatia shabu kuanzia miligramu 20 hadi 70, tunakoroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole kama dakika 20, halafu tunaziacha zitulie. Kwenye 20 maji hubaki na ukungu. Kwenye 40 mabonge yanafikia kichwa cha pini, yanashuka, na katikati yake unaona maji maangavu kabisa. Kwenye 70 ukungu unarudi! Hapo shabu imehitaji alkali 35 na zilikuwepo 30, pH imeporomoka, na alumini inabaki imeyeyuka badala ya kuganda. Basi tunachagua 40. Mtambo ukipitisha meta za ujazo 200 kwa saa, hiyo ni kilo 8 za shabu kila saa. Mto ukihitaji zaidi ya hapo, tunatia chokaa kwanza kurudisha alkali.

Kipimo kikikosewa, chujio la mchanga ndilo linaloumia. Wengi hudhani mchanga ni kama chekeche, kumbe chembe nyingi ni ndogo kuliko nafasi zake. Hunaswa kwa kugandamana na punje, jambo ambalo bila shabu halifanyiki vizuri. Dalili mbaya ni tope la maji yaliyochujwa kupanda juu ya 1 kwa NTU, kipimo cha ukungu wa maji. Kama chujio limejaa tu, tunaliosha kwa kurudisha maji kutoka chini kwenda juu. Likitoka kuoshwa na tope bado linapita, rudi kwenye bikari.

Klorini huja mwisho kwa sababu uchafu huila. Unaweza kutia miligramu 2 kwa lita, ukakuta nyingi imeliwa; tunachotaka ni ibaki angalau 0.5 baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8. Kidonge cha kupimia hugeuza maji kuwa ya waridi, na rangi ikikolea klorini iliyobaki ni nyingi. Ila kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu ambacho klorini ya kawaida haikiui. Huyo asiponaswa kwenye mchanga, anafika bombani mzima.